Barua Pepe ya Statementi Iseme Deni Lipi Lilipwe Kwanza

Kila mwanzo wa mwezi, wafanyabiashara wanaouza kwa mali kauli huwatumia wateja wao statementi, yaani taarifa ya akaunti inayoonyesha mteja amechukua nini, amelipa nini na anadaiwa nini. Statementi huambatishwa kwenye barua pepe fupi, na barua hizo zinafanana karibu neno kwa neno:

> Habari. Tafadhali pokea statementi ya akaunti yenu hadi tarehe 30/09/2025 kama ilivyoambatishwa. Salio ni Sh 19,700,000. Tunaomba mlipe mapema iwezekanavyo. Ahsante.

Barua hii ina adabu, na hesabu yake ni sahihi. Kasoro yake ni kwamba anayeipokea hajui afanye nini. Mhasibu wa malipo wa upande wa pili ana statementi za wauzaji wengi mbele yake, na fedha alizopewa kwa wiki hiyo hazitoshi kuwamaliza wote. Anataka kujua alipe ankara gani, kiasi gani, na kwa nini hiyo badala ya nyingine. Amepewa jumla moja kubwa, na ndani yake kuna deni la tangu Mei, deni ambalo siku yake haijafika na deni ambalo pande mbili bado zinabishana.

Mara nyingi atafanya moja ya mambo matatu. Ataiweka barua kando mpaka apigiwe simu. Au atatuma kiasi cha mviringo, tuseme milioni mbili, ili kelele zipungue. Au atalipa ankara ambayo karatasi zake ziko mezani, na hiyo kwa kawaida ni ya juzijuzi. Katika yote matatu, deni kongwe linabaki palepale na linazidi kuzeeka.

Ndani ya salio moja

Tuchukue mfano wa msambazaji wa vifaa vya ujenzi jijini Dodoma anayemuuzia mkandarasi saruji, nondo na mabati. Makubaliano yao ni kwamba kila ankara ilipwe ndani ya siku 30 tangu tarehe yake. Ukomo wa mkopo ni shilingi milioni 20. Lipo pia sharti la tatu: ankara yoyote isiyo na ubishi ikipita siku yake ya malipo kwa zaidi ya siku 90, akaunti inafungwa na mzigo mpya hautoki. Hadi tarehe 30 Septemba 2025, ankara za mkandarasi zilikuwa hivi:

| Ankara | Tarehe | Siku ya kulipa | Imepita siku | Kiasi (Sh) |
|---|---|---|---|---|
| 1187 | 14 Mei | 13 Juni | 109 | 3,400,000 |
| 1203 | 3 Juni | 3 Julai | 89 | 2,150,000 |
| 1241 | 8 Julai | 7 Agosti | 54 | 5,600,000 |
| 1266 | 11 Agosti | 10 Septemba | 20 | 4,300,000 |
| 1290 | 9 Septemba | 9 Oktoba | bado | 6,250,000 |

Jumla ya ankara ni Sh 21,700,000. Tarehe 22 Septemba mkandarasi alituma Sh 2,000,000 bila kusema ni za ankara ipi, ndipo salio likawa Sh 19,700,000. Kuna jambo jingine ambalo jedwali halisemi. Katika mzigo wa ankara 1187, mkandarasi alilalamika kwamba mifuko 30 ya saruji ilifika imelowa. Kwa bei ya Sh 18,000 kwa mfuko, hiyo ni Sh 540,000, na malalamiko hayo hayajapata jibu.

Chini ya statementi, programu ya uhasibu huchapa mstari unaogawa salio kwa umri wa deni. Hapa ungesomeka hivi: ambazo hazijafika siku, Sh 4,250,000, siku 1 hadi 30, Sh 4,300,000, siku 31 hadi 60, Sh 5,600,000, siku 61 hadi 90, Sh 2,150,000, zaidi ya siku 90, Sh 3,400,000.

Mhasibu wa mkandarasi akiusoma mstari huo atakwama mahali pa kwanza tu. Atatafuta ankara ya Sh 4,250,000 na hataipata, kwa sababu haipo. Baadhi ya programu huyaweka malipo yasiyopangiwa ankara kwenye fungu la ambazo hazijafika siku. Zile milioni mbili za Septemba zimekatwa kwenye fungu jipya, zikala sehemu ya ankara 1290 ya Sh 6,250,000 ambayo hata siku yake haijafika. Upande wa pili, fungu la zaidi ya siku 90 bado linaonyesha Sh 3,400,000 kamili, kana kwamba mkandarasi hajalipa kitu. Mteja aliyelipa akaona deni lake kongwe halijapungua hata shilingi huacha kuiamini statementi yote.

Ndiyo maana kazi ya kuboresha barua pepe inaanza kabla ya kuandika neno lolote. Kwanza yapangie malipo yote ankara zake kwenye programu, kisha ndipo uchape statementi. Zile milioni mbili zikiwekwa kwenye ankara 1187, fungu la zaidi ya siku 90 linashuka hadi Sh 1,400,000, na fungu la ambazo hazijafika siku linarudi kuwa Sh 6,250,000, kiasi ambacho mhasibu atakiona kwenye ankara halisi. Ukipanga malipo ndani ya barua huku statementi ikibaki na mpango wa zamani, umemtumia mteja hesabu mbili zinazogombana, na ana haki ya kusubiri mpaka uchague moja.

Umri unahesabiwa tangu lini

Jambo la pili la kusawazisha mapema ni mahali pa kuanzia kuhesabu. Wapo wanaohesabu umri wa deni tangu tarehe ya ankara, na wapo wanaohesabu tangu siku ya kulipa. Tofauti si ndogo. Ankara 1241 ina siku 84 ukihesabu tangu ilipoandikwa, lakini imechelewa kwa siku 54 tu. Kwa hesabu ya kwanza inaingia fungu la 61 hadi 90, kwa ya pili iko fungu la 31 hadi 60. Mteja anayejua kwamba alipewa siku 30 atakasirika akiambiwa amechelewa siku 84, na hapo mazungumzo yatahama kutoka kwenye malipo kwenda kwenye heshima.

Kwa barua inayoomba malipo, hesabu ya kutumia ni ya siku ya kulipa, kwa sababu ndiyo ahadi aliyoitoa mteja. Kwa wanaotengeneza orodha hii kwenye Excel, kosa linalojirudia ni kutumia `TODAY()`, ambayo hubadilisha siku kila faili linapofunguliwa. Wewe umetuma tarehe 1 Oktoba ukisema ankara 1203 imepita siku 89. Mteja analifungua faili tarehe 6 linamwambia siku 95. Andika tarehe ya statementi kwenye seli moja, kwa mfano B1, kisha toa siku ya kulipa iliyo kwenye safu ya C:

```
=$B$1-C4
```

Namba ikiwa sifuri au chini ya sifuri, ankara hiyo haijachelewa na haipaswi kuonekana kwenye orodha ya kudai.

Mafungu matatu

Baada ya kusawazisha hesabu, salio la Sh 19,700,000 linagawanyika vizuri kwa jicho la mlipaji. Fungu la kwanza ni deni lililopita siku yake na lisilo na ubishi. La pili ni deni ambalo bado liko ndani ya muda. La tatu ni deni linalobishaniwa. Barua inatakiwa iyatenganishe haya matatu waziwazi, kwa sababu kila moja linamtaka mteja afanye jambo tofauti: hili alilipe, lile aliweke kwenye ratiba, na hilo jingine asiliguse mpaka apate jibu.

Fungu la tatu ndilo linalosahaulika zaidi, na ndilo linaloharibu mengine. Ukimdai mkandarasi ankara 1187 nzima huku ukijua kuna mifuko 30 iliyolowa, umempa sababu halali ya kuzuia ankara yote. Katika ofisi nyingi, mhasibu wa malipo haruhusiwi kupitisha ankara yenye malalamiko ya wazi. Kwa hiyo Sh 540,000 zinazuia Sh 3,400,000. Ukizitenga na kuandika kwamba hudai kiasi hicho kwa sasa, sehemu iliyobaki ya ankara inalipika. Kwa mfano wetu, baada ya zile milioni mbili kuingia na Sh 540,000 kutengwa, ankara 1187 inabakiwa na Sh 860,000 tu za kudai leo.

Ndani ya fungu la kwanza sasa kuna swali la mpangilio. Jibu la kawaida ni kuanza na kongwe, lakini mteja hatalikubali kwa kuwa tu wewe unapenda iwe hivyo. Anahitaji kuona faida yake mwenyewe, na kwa mkandarasi huyu ipo wazi kabisa. Ankara 1187 ilivuka siku 90 tarehe 12 Septemba, siku tatu baada ya mzigo wa mwisho kutoka. Tangu hapo akaunti imefungwa. Pengine zile milioni mbili za tarehe 22 zilitumwa ili lori lipakie saruji, lakini hazikutosha kuimaliza ankara, hivyo hazikufungua kitu. Ankara 1203 nayo inatimiza siku 91 tarehe 2 Oktoba.

Tuseme sasa mkandarasi ana Sh 5,600,000 mkononi. Akitazama statementi, ataona ankara 1241 ina kiasi hichohicho, ataimaliza na kujiona amefanya la maana. Salio litashuka hadi Sh 14,100,000, na kwa karatasi atakuwa na nafasi ya Sh 5,900,000 chini ya ukomo wake. Lakini hatapata hata mfuko mmoja wa saruji, kwa sababu ankara 1187 na 1203 bado zinaifunga akaunti. Angelipa hizo mbili kwanza, Sh 860,000 na Sh 2,150,000, angetumia Sh 3,010,000 tu na akaunti ingefunguliwa, huku Sh 2,590,000 zikimbaki za kupunguza ankara 1241. Fedha ni zilezile, ila matokeo yanategemea zimeanzia wapi. Barua ya mwanzo haikumwambia hilo.

Barua iliyoandikwa upya

Hii hapa barua ileile baada ya kazi hiyo kufanyika. Inatumwa Jumatano, tarehe 1 Oktoba.

> Kichwa: Statementi ya 30 Septemba 2025: ankara 3 za kulipa kwanza, Sh 8,610,000
>
> Ndugu Mhasibu,
>
> Habari za kazi. Tunaomba ankara tatu zifuatazo zilipwe kwa mpangilio huu kufikia Ijumaa, 10 Oktoba 2025. Jumla ni Sh 8,610,000.
>
> 1. Ankara 1187 (LPO 0452), imepita siku 109: Sh 860,000
> 2. Ankara 1203 (LPO 0460), imepita siku 89: Sh 2,150,000
> 3. Ankara 1241 (LPO 0477), imepita siku 54: Sh 5,600,000
>
> Ankara mbili za kwanza zikilipwa, jumla Sh 3,010,000, akaunti yenu itafunguliwa kwa oda mpya siku fedha zitakapoingia. Zote tatu zikilipwa, mtakuwa na nafasi ya kuchukua mzigo wa hadi Sh 8,910,000.
>
> Msilipe kwa sasa: Sh 540,000 za mifuko 30 ya saruji iliyolowa (sehemu ya ankara 1187). Tutawapa jibu kufikia Jumatano, 8 Oktoba.
>
> Zinazofuata: ankara 1266, Sh 4,300,000, imepita siku 20, na ankara 1290, Sh 6,250,000, ambayo siku yake ni 9 Oktoba. Mpangilio huu ni wa kuwasaidia endapo fedha hazitoshi kwa zote. Hauongezi muda wa ankara yoyote.
>
> Malipo yenu ya Sh 2,000,000 ya tarehe 22 Septemba yalifika bila namba ya ankara. Tumeyaweka kwenye ankara 1187. Kama mliyakusudia kwingine, tujulisheni kufikia Ijumaa, 3 Oktoba.
>
> Mnapolipa, andikeni namba za ankara kwenye maelezo ya malipo. Akaunti yetu ya benki ni ileile iliyochapwa kwenye ankara, haijabadilika.
>
> Tumeambatisha statementi, pamoja na nakala za ankara 1187 na 1203 na hati za kupokelea mzigo zilizosainiwa na mtunza stoo wenu.
>
> Ahsanteni kwa ushirikiano.

Jumlisha mafungu yote uyahakiki: 860,000, 2,150,000, 5,600,000, 540,000, 4,300,000 na 6,250,000. Yanarudi Sh 19,700,000, salio lilelile la statementi. Hesabu hii ifanywe kila mara kabla ya kutuma, kwa maana mhasibu wa upande wa pili ataifanya. Ikipungua hata elfu moja, ataacha kulipa aanze kuitafuta.

Kwa nini imepangwa hivyo

Kichwa cha barua kinataja idadi ya ankara na kiasi cha kulipa, kwa sababu wengi husoma barua pepe kwenye simu na huona kichwa na mstari mmoja au miwili kabla ya kuamua kufungua. Salio zima halimo kwenye kichwa kwa makusudi. Liko kwenye statementi, na anayelitaka atalipata huko.

Orodha imewekwa ndani ya barua yenyewe kama maandishi ya kawaida. Wapo wanaopiga picha jedwali la Excel na kulibandika. Picha hiyo kwenye simu haisomeki, na mhasibu hawezi kunakili namba ya ankara kutoka humo ili aitafute kwenye mfumo wake. Namba ya LPO imetajwa kwa sababu ofisi inayonunua huhifadhi karatasi kwa namba ya oda yake, si kwa namba ya ankara yako.

Viambatisho ni vya ankara mbili tu, zile kongwe. Ankara ya Mei iliyokaa hadi Oktoba bila kulipwa mara nyingi imekwama kwa sababu karatasi moja haipo. Ili malipo yapite, mhasibu hulinganisha oda, ankara na hati ya kupokelea mzigo, na Tanzania huhitaji pia risiti ya EFD ili adai VAT aliyolipa. Moja ikikosekana, bahasha inarudi chini ya rundo. Ukimtumia karatasi hizo kabla hajaziomba, unaokoa wiki nzima ya kuandikiana. Ukimtumia za ankara zote tano, umemrudisha kwenye kutafuta.

Sentensi kuhusu akaunti ya benki ina sababu yake. Barua inayosema lipa hiki kwanza kufikia Ijumaa inafanana sana na barua za matapeli wanaojifanya wauzaji na kudai kwamba akaunti ya benki imebadilika. Kwa hiyo barua ya statementi isiwe na namba mpya ya akaunti hata siku moja. Ikiwa kampuni imebadilisha benki kweli, taarifa hiyo iende peke yake, kwa barua rasmi, na mteja aithibitishe kwa kupiga simu namba aliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyo kwenye barua aliyoipokea.

Kuhusu zile milioni mbili, barua inaomba ithibitishwe badala ya kuamuru, na sheria iko nyuma ya lugha hiyo. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inampa mdaiwa nafasi ya kwanza ya kusema malipo yake ni ya deni lipi. Asiposema, na mazingira yasipoonyesha, mdai ndiye anayechagua. Wote wawili wakinyamaza, malipo yanahesabiwa kwa kufuata umri wa madeni. Kwa hiyo unapoweka malipo yasiyo na namba kwenye ankara kongwe uko ndani ya haki yako, ila mwambie mteja mapema. Akigundua mwenyewe miezi miwili baadaye kwamba ankara aliyodhani ameimaliza bado iko wazi, mtapoteza muda mrefu kusuluhisha vitabu viwili visivyolingana.

Pale kongwe isipotangulia

Kuanza na kongwe si kanuni ya kufuata macho yakiwa yamefumbwa. Katika akaunti za wateja wa serikali, mistari mikongwe zaidi mara nyingi ni mabaki madogo yaliyotokana na kodi ya zuio. Taasisi hukata kodi hiyo wakati wa kulipa, na muuzaji hubaki na kipande cha ankara kisichofungwa. Kipande hicho si deni la kulipwa tena kwa fedha. Kinachotakiwa ni cheti cha kodi iliyozuiwa, ili muuzaji akitumie kwenye hesabu zake za kodi na kukifuta kwenye akaunti ya mteja. Kukiweka namba moja kwenye orodha ya kulipa kunamfanya mhasibu wa taasisi aone kwamba hujui kilichotokea. Kipe mstari wake: tunaomba cheti cha ankara fulani, kiasi fulani.

Liko pia suala la kutaja kiasi cha chini kinachofungua akaunti. Baadhi ya wasimamizi wa madeni hawapendi kuandika sentensi ile ya Sh 3,010,000, wakihofu kwamba mteja atalipa hicho tu na kusahau nyingine. Hofu hiyo ina msingi kwa mteja ambaye kila mwezi hujikokota hadi mstari wa kufungiwa, analipa kidogo, anachukua mzigo, kisha ananyamaza. Kwa huyo, acha sentensi hiyo, taja jumla na mpangilio tu, na masharti ya kufungua yazungumzwe kwa simu. Kwa mteja ambaye amebanwa kweli na ana kazi inayoendelea, kiasi cha chini kinamwonyesha mlango ulio karibu, na malipo yanaingia wiki hiyo badala ya mwezi ujao.

Tarehe nayo iendane na utaratibu wa mlipaji. Kampuni nyingi hulipa kwa siku maalumu, kwa mfano kila Alhamisi au mara mbili kwa mwezi. Ukiomba malipo Jumatatu wakati hundi na malipo ya benki hupitishwa Alhamisi, umeomba jambo ambalo mhasibu hawezi kulifanya hata akitaka. Muulize mara moja, andika jibu kwenye faili la mteja, na kila mwezi barua iende siku mbili tatu kabla orodha ya malipo haijafungwa.

Utajuaje kama imesaidia

Usipime kwa salio la jumla. Mkandarasi akilipa zile tatu na kuchukua mzigo mwingine wa milioni nane, salio la Oktoba litafanana na la Septemba, na mkurugenzi atauliza barua imesaidia nini. Tazama fungu la zaidi ya siku 90 peke yake, kisha fungu la 61 hadi 90. Yakipungua huku salio likibaki vilevile, mteja analipa yaliyozeeka na biashara inaendelea.

Tazama pia maelezo ya malipo kwenye taarifa ya benki. Kabla, fedha ziliingia kwa kiasi cha mviringo bila namba. Zikianza kuingia Sh 3,010,000 kamili zikiwa na namba 1187 na 1203, ujue barua imesomwa na imefuatwa. Na majibu yakibadilika kutoka "tunashughulikia" kuwa "ankara 1203 hatuna hati ya kupokelea mzigo", hilo pia ni mafanikio, kwa sababu sasa unajua kilichoizuia na unaweza kukituma siku hiyohiyo.

Kuna wakati barua haitafanya kitu hata iandikwe vizuri vipi. Ankara ileile ikiongoza orodha mwezi wa tatu mfululizo, bila malalamiko yaliyoandikwa na bila jibu, mambo mawili tu yanawezekana: kuna ubishi ambao hakuna aliyekuambia, au hakuna fedha. Hapo usiihariri barua tena. Mpigie mhasibu, na asipokuwa na jibu, muombe meneja wa mauzo aende eneo la kazi akazungumze na mtunza stoo aliyepokea mzigo. Kama ni saruji iliyolowa, ataonyeshwa mifuko. Andika kredit noti ya Sh 540,000 wiki hiyohiyo, ili statementi ya mwezi ujao isiwe na mstari wa "msilipe kwa sasa". Kama ni fedha, kaeni mpange tarehe na viwango vya kulipa kwa awamu, viandikwe na pande zote mbili zisaini. Kuanzia hapo barua ya kila mwezi itaorodhesha awamu hizo, ikianza na ile iliyochelewa.